Asidi kali na asidi iliyokolea: shajara ya karatasi ya maabara

Julai 6

Mradi huu umeanza kwa sentensi moja iliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa daftari la mwanafunzi wa kidato cha tano. Alikuwa amechukua asidi haidrokloriki, akaizimua kwa maji mara kumi, akapima pH, akaona imepanda kutoka karibu 1 hadi karibu 2, kisha akaandika: "Asidi kali imekuwa dhaifu." Kipimo chake kilikuwa sahihi na hesabu yake haikuwa na kosa, ila hitimisho lake si kweli. Nilipouliza darasa zima ni nani anayekubaliana naye, mikono iliyonyooshwa ilizidi nusu ya darasa.

Nadhani sehemu ya tatizo inatoka katika lugha yetu wenyewe. Tunafundisha kwa Kiingereza, lakini maelezo ya kumwelewesha mtu huwa kwa Kiswahili, na neno "kali" kwa Kiswahili hubeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Chai kali ni chai yenye majani mengi, na ukiiongeza maji inaacha kuwa kali. Mtoto aliyekulia Tukuyu, katikati ya mashamba ya chai, hana sababu ya kudhani kwamba asidi kali itakuwa na tabia tofauti. Kwa hiyo nimeamua kuandika upya karatasi ya maabara ya mada hii, kwa Kiswahili, pamoja na vipimo vya kweli vilivyochukuliwa katika maabara yetu hapa Mbeya, na shajara hii inaweka kumbukumbu ya kazi hiyo.

Uamuzi wa kwanza ni wa maneno. "Kali" na "dhaifu" yatatumika kwa jambo moja tu, yaani sehemu ya molekuli za asidi inayogawanyika kuwa ioni ikiwa ndani ya maji. Kwa wingi wa asidi ndani ya lita moja tutatumia "kukolea" na "kuzimuliwa". Chai inakolea majani, uji unakolea sukari, na asidi nayo inakolea. Wingi huo utaitwa ukolezi, nao utahesabiwa kwa moli katika lita, kizio ambacho huandikwa M. Asidi kali inaweza kuzimuliwa mara elfu na ikabaki kali, kwa sababu kila molekuli yake iliyobaki katika lita ile imegawanyika yote. Asidi dhaifu inaweza kukolea hadi harufu yake ikatoa machozi, na bado ikawa dhaifu.

Julai 8

Leo tumeandaa asidi ya kuanzia. Chupa ya asidi haidrokloriki iliyokolea ina lebo inayosema asilimia 36 kwa uzito, na lita moja yake ina uzito wa gramu 1,180. Asilimia 36 ya gramu 1,180 ni gramu 424.8, na moli moja ya HCl ina gramu 36.5, hivyo ukolezi wake kwa mujibu wa lebo ni karibu 11.6 M. Ili kupata lita moja ya 0.1 M tulihitaji sentimita za ujazo 8.6. Tulizipima, tukazimimina taratibu ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kisha tukajaza hadi alama ya lita.

Hapo ndipo wengi huishia, na chupa huandikwa "0.1 M" kana kwamba lebo ya kiwandani haiwezi kubadilika. Asidi hii hufuka moshi kila inapofunguliwa, na moshi huo ndio HCl yenyewe inayotoroka. Chupa yetu imekuwa ikifunguliwa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niliona hatuna budi kuithibitisha kwa titresheni. Tulipima gramu 1.325 za sodiamu kaboneti isiyo na maji, iliyokaushwa kwa joto, tukaiyeyusha ndani ya chupa ya sentimita za ujazo 250 na kupata 0.0500 M. Tulichukua 25.0 za mmumunyo huo kwa pipeti, tukaweka matone mawili ya methili oranji, tukateremsha asidi kutoka kwenye bureti hadi rangi ya njano ikageuka kuwa ya chungwa. Baada ya jaribio la kukadiria, majaribio mawili yaliyofuata yote yalitoa 26.6.

Sentimita 25.0 za kaboneti zina moli 0.00125, na kila moli ya kaboneti hutumia moli mbili za asidi, hivyo asidi iliyotumika ni moli 0.00250. Ukigawa kwa lita 0.0266 unapata 0.0940 M. Lebo ilikuwa imetuahidi 0.1, na asilimia sita ya ahadi hiyo ilishatoroka kama moshi. Katika pH tofauti hiyo ni ndogo, 1.03 badala ya 1.00, lakini kwa karatasi ambayo wanafunzi wataitumia kulinganisha hesabu na kipimo sitaki kuanza na namba ambayo sikuihakikisha.

Julai 10

Hesabu ya asidi kali. Kipimo cha pH kilianzishwa na mkemia wa Denmaki, Sørensen, mwaka 1909, alipokuwa katika maabara ya Carlsberg jijini Kopenhageni, naye alitaka njia fupi ya kuandika namba ndogo sana za ukolezi wa ioni za haidrojeni. Tunaandika:

pH = −log[H⁺]

Kwa asidi haidrokloriki kila moli moja inayomumunyishwa hutoa moli moja ya ioni za haidrojeni, kwa hiyo [H⁺] ni sawa na ukolezi wa asidi yenyewe, na hakuna hesabu nyingine ya kufanya. Kwa mmumunyo wetu, log ya 0.0940 ni −1.03, na pH ni 1.03. Ukizimua mara kumi, [H⁺] inapungua mara kumi na pH inapanda kwa 1 kamili. Hicho ndicho alichokiona mwanafunzi wangu, na kupanda huko kwa 1 kamili ni dalili kwamba asidi imebaki kali. Ili kumwonyesha hilo waziwazi, inabidi asidi dhaifu iwekwe kando yake.

Julai 13

Asidi dhaifu tumeipata dukani. Siki nyeupe kutoka soko la Mwanjelwa ina lebo ya asilimia 5 ya asidi asetiki, ambayo ni karibu 0.83 M. Tuliithibitisha nayo kwa titresheni, kisha tukaizimua ifikie 0.0940 M, sawa kabisa na asidi haidrokloriki ya juzi. Chupa mbili zikawa mezani, ukolezi mmoja, asidi mbili.

Kwanza tulichukua 25.0 ya kila moja na kuipambanisha na sodiamu haidroksaidi ya 0.100 M. Zote mbili zilihitaji 23.5. Darasa lilikuwa limetabiri kwamba siki ingehitaji kidogo zaidi ya robo tu, "kwa kuwa ni dhaifu," na ukimya uliofuata ulinifurahisha kuliko jibu lolote sahihi la mwaka huu. Kiasi cha besi kinachohitajika hutegemea idadi ya moli za asidi zilizomo, nayo ni ileile. Asidi dhaifu hutoa ioni zake kadiri zinavyochukuliwa: besi ikila zile chache zilizopo, molekuli nyingine hugawanyika kujaza pengo, mpaka zote ziishe. (Kwa siki tulitumia fenolifthaleini, kwa sababu methili oranji hubadilika rangi mapema mno na ingetupa jibu la uongo.)

Kisha tukapima pH. Asidi haidrokloriki ilisoma 1.12, na siki iliyozimuliwa ilisoma 2.89. Hapo ndipo udhaifu unapoonekana. Kwa asidi asetiki, uwiano kati ya ioni na molekuli zisizogawanyika hudhibitiwa na namba Ka, ambayo kwa nyuzi 25 za Selsiasi ni 1.8 × 10⁻⁵. Kwa ukolezi wa 0.0940 M, [H⁺] inatoka karibu 1.29 × 10⁻³, yaani molekuli kama 14 tu kati ya kila 1,000 ndizo zimegawanyika.

Tulipoizimua siki, tofauti ikawa wazi zaidi. Kwa 0.0100 M hesabu inatoa pH 3.38, na kwa 0.00100 M inatoa 3.90. Kila mara tunapozimua mara kumi, pH inapanda kwa karibu nusu tu. Sababu ni kwamba maji mengi zaidi huipa molekuli nafasi ya kugawanyika zaidi: kwa 0.0100 M zimegawanyika asilimia 4.2, na kwa 0.00100 M zimefika asilimia 12.5. Yaani kuzimua hakuidhoofishi asidi hata kidogo. Sehemu inayogawanyika ya asidi dhaifu huongezeka kadiri unavyoizimua, na ile ya asidi kali haina pa kuongezeka kwa kuwa tayari ni yote.

Kuna jambo moja sikulipitisha kimya. Asidi haidrokloriki ilisoma 1.12, na hesabu ilisema 1.03. Mwalimu mwenzangu alidhani kipima pH kimeharibika. Nami nilikishuku kwa sababu tulikisawazisha kwa bufa za pH 4 na pH 7 tu, lakini sababu kubwa iko katika mmumunyo wenyewe. Ioni zikiwa nyingi zinavutana na kuzuiana, na kipima pH husoma utendaji wao, si idadi yao. Kwa ukolezi wa karibu 0.1 M utendaji wa ioni za haidrojeni ni kama asilimia 80 ya idadi, jambo linalopandisha pH kwa karibu 0.1. Kwa 0.01 M tofauti hushuka hadi karibu 0.04, na kwa 0.001 M hubaki chini ya 0.02. Kwa hiyo mfululizo wetu wa kuzimua utaanzia 0.0100 M, mahali ambapo hesabu rahisi na kipimo vinakaribiana.

Julai 15

Mfululizo wa kuzimua. Kutoka bureti tuliteremsha 26.6 ya asidi ya 0.0940 M ndani ya chupa ya 250 na kujaza maji hadi alama; matokeo ni 0.0100 M. Kuanzia hapo kazi ni kurudia hatua moja: pipeti ya 10 ndani ya chupa ya 100, jaza maji yaliyokenekwa, funga, pindua chupa mara ishirini. Ukiacha kuipindua, asidi hukaa chini kwa sababu ni nzito kidogo, na chupa inayofuata itarithi kosa hilo.

Vipimo vya kwanza vilitufurahisha: 2.04, kisha 3.02, kisha 4.01. Chupa ya nne, ambayo ilipaswa kuwa 10⁻⁵ M na pH 5, ilisoma 4.69. Mwanafunzi aliyekuwa akishika pipeti aliniambia, "Mwalimu, nimefuata hatua zote," na kweli alikuwa amezifuata zote nilizoandika. Hatua niliyosahau kuiandika ni ya kusuuza pipeti kwa mmumunyo mpya kabla ya kuvuta. Alikuwa amerudia kutumia pipeti iliyokaa ndani ya chupa ya 0.0100 M, na matone mawili ya asidi ile yalibaki ukutani mwa kioo.

Niliwaomba wahesabu kama matone mawili yanatosha kuleta tofauti hiyo. Matone mawili ni kama sentimita za ujazo 0.1. Katika 0.0100 M yanabeba moli 1 × 10⁻⁶, na yakiingia ndani ya lita 0.1 yanaongeza ukolezi wa 1 × 10⁻⁵ M, sawasawa na ule uliokusudiwa. Mmumunyo ukawa umekolea mara mbili, na log ya 2 ni 0.30, pH inashuka kutoka 5.0 hadi 4.7. Hesabu ikakubaliana na kosa. Matone hayohayo mawili yakiingia katika chupa ya 10⁻³ M yangebadilisha asilimia moja tu na hakuna ambaye angegundua. Karatasi sasa ina sentensi mpya: suuza pipeti mara mbili kwa mmumunyo unaotaka kuuvuta, umwage, ndipo uvute. Tuliporudia kwa njia hiyo, chupa ya nne ilisoma 4.98.

Julai 17

Tumeendelea chini zaidi, na hapa mambo yamebadilika kabisa. Chupa ya 10⁻⁶ M ilisoma 5.5, ya 10⁻⁷ ilisoma 5.6, ya 10⁻⁸ ilisoma 5.6. Maji matupu, yasiyo na asidi yoyote, nayo yalisoma 5.6.

Maji yetu yamekaa ndani ya dumu kwa wiki kadhaa, na hewa ina kabonidayoksaidi. Gesi hiyo huyeyuka ndani ya maji na kufanya asidi dhaifu, na maji yaliyosawazika na hewa hufikia pH ya karibu 5.6, sawa na [H⁺] ya karibu 2.5 × 10⁻⁶. Kwa hiyo chupa ya 10⁻⁶ ilikuwa na ioni nyingi zaidi kutoka hewani kuliko kutoka asidi tuliyoipima kwa uangalifu wote ule. Tulijaribu kuchemsha maji ili kufukuza gesi (kwa mwinuko wa Mbeya yanachemka kwenye karibu nyuzi 94, na hilo linatosha kwa kazi hii), tukayapoza ndani ya chupa iliyofungwa. Kipimo kilipanda hadi 6.2, kisha kikaanza kushuka tukiwa tunakitazama, huku tarakimu ya mwisho ikikataa kutulia. Maji yenye ioni chache hivyo hayapitishi umeme wa kutosha kumpa mtu usomaji wa kuaminika kwa kifaa cha kawaida.

Nimekubali hilo kama mpaka wa jaribio. Sehemu ya vipimo itakoma kwenye 10⁻⁵ M, na chini ya hapo itabaki sehemu ya hesabu peke yake, ikichukulia maji yasiyoguswa na hewa.

Julai 20

Sehemu hiyo ya hesabu ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuiandika. Swali lenyewe ni fupi: tafuta pH ya asidi haidrokloriki ya 1.0 × 10⁻⁸ M kwa nyuzi 25. Karibu darasa zima liliandika 8.00. Kwa kanuni ya Julai 10 hilo ndilo jibu, lakini pH 8 ni upande wa besi, na hakuna namna ya kutia asidi ndani ya maji yakawa besi.

Kanuni ile ilikuwa imenyamazia jambo moja, kwamba maji nayo hugawanyika. Kwa nyuzi 25, [H⁺] ikizidishwa kwa [OH⁻] daima huwa 1.0 × 10⁻¹⁴, namba inayoitwa Kw. Asidi ikiwa 0.01 M mchango wa maji ni sawa na tone ndani ya Ziwa Nyasa na tunauacha bila kosa. Kwa 10⁻⁸ M mchango wa maji unaizidi asidi.

Wachache waliokumbuka maji walijumlisha: 1.0 × 10⁻⁷ ya maji na 1.0 × 10⁻⁸ ya asidi, wakapata pH 6.96. Wamekaribia, lakini si sahihi, kwa sababu ioni za asidi husukuma msawazo wa maji urudi nyuma na maji hutoa pungufu ya 10⁻⁷. Njia salama ni kuhesabu chaji. Chaji chanya zote ni za haidrojeni. Chaji hasi ni za kloridi, ambazo ni sawa na ukolezi wa asidi C, pamoja na za haidroksaidi. Basi:

[H⁺] = C + Kw/[H⁺]

[H⁺]² − C[H⁺] − Kw = 0

Tukiweka C = 1.0 × 10⁻⁸, jibu chanya ni [H⁺] = 1.05 × 10⁻⁷, na pH ni 6.98. Ni asidi, kwa ufinyu sana, kama inavyotakiwa. Kwa 10⁻⁷ M mlinganyo huohuo unatoa 6.79, na aliyejumlisha tu angepata 6.70. Kwa 10⁻⁶ M unatoa 6.00, hivyo kuanzia hapo kwenda juu kanuni fupi inatosha na sitamlazimisha mtu kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili bila sababu.

Julai 22

Rasimu imesomwa na mwalimu mwenzangu. Aliuliza kwa nini nimeandika "kwa nyuzi 25" katika kila swali, wakati asubuhi ya leo kipimajoto cha maabara kilikuwa kwenye 15 na wanafunzi walikuwa wamevaa masweta. Nilikaa chini kulihesabu jambo hilo kabla ya kumjibu.

Kwa nyuzi 15, Kw hushuka hadi karibu 4.5 × 10⁻¹⁵, kwa kuwa kugawanyika kwa maji kunahitaji joto. Maji safi yasiyo na upande yana pH 7.17, si 7.00. Tukiweka namba hiyo katika mlinganyo wa juzi, asidi ya 1.0 × 10⁻⁸ M inatoa [H⁺] ya 7.2 × 10⁻⁸, na pH 7.14. Namba hiyo iko juu ya 7, na bado mmumunyo ni asidi, kwa sababu haidrojeni zake zinazidi haidroksaidi zake. Asidi ya 0.0100 M haiguswi na mabadiliko hayo; kwayo pH hubaki 2.00 katika baridi na katika joto, kwa kuwa ioni zake hazitoki kwenye maji.

Nimeyaacha maneno "kwa nyuzi 25" palepale, na nimeongeza swali la mwisho linalotoa Kw ya nyuzi 15 na kumtaka mwanafunzi aseme kama mmumunyo wenye pH 7.14 katika maabara yetu ya mwezi Julai ni asidi au besi, na kwa namba zipi. Karatasi inakwenda kupigwa chapa kesho.